Pamba Alikufa kwa Nini?

Mtoto wa miaka sita wa Kasikeu hahitaji kitabu kumwambia kwamba aliyekufa harudi. Kuku wa Krismasi alimshikia miguu akichinjwa. Mbuzi aliyeumwa na nyoka alimwona akiburutwa hadi nje ya boma. Wakubwa zake wanakumbuka ukame wa kati ya 2020 na 2023, mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa ya Kenya kame, na mizoga ikawa kitu cha kupita kando yake ukienda kuteka maji. Na kwa kuwa huku Makueni, kama kule Kitui, watu wengi huzikwa nyumbani, huenda kaburi la babu yake liko hatua chache tu kutoka kwenye kamba anapoanika sare ya shule.

Mtoto huyo ndiye niliyemfikiria nilipoanza kuandika hadithi ya kusomwa kwa sauti katika Gredi ya Kwanza: sungura wa darasa anakufa, na watoto wanapata nafasi ya kulizungumzia. Nilichagua sungura kwa sababu ndiye mnyama anayewezekana. Vilabu vya 4-K, vilivyoanzishwa mwaka 1962 na kufufuliwa na serikali mwaka 2021, vinawafahamu sungura vizuri. Kobe angependeza zaidi, na vichakani wapo, lakini ni mnyamapori. Kumfuga bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013, na hadithi ya watoto haifai kuanza na kosa la jinai. Kuku naye ana tatizo jingine. Watoto watauliza ataliwa lini, nao watakuwa na haki ya kuuliza.

Vitabu mashuhuri vya aina hii viliandikwa kwa watoto wa mbali. Margaret Wise Brown aliandika mwaka 1938 juu ya watoto wanaomwokota ndege angali na joto mwilini, wakamzika msituni na kumwimbia, na kuendelea kumtembelea mpaka walipomsahau. Judith Viorst, mwaka 1971, alimwandika mvulana aliyefiwa na paka wake Barney, mama yake akamwomba atafute mambo kumi mema ya kusema juu yake mazishini. Ni vitabu vizuri, na cha kwanza nadhani ni kizuri kuliko vyote, kwa sababu hakiogopi kusema kwamba watoto husahau. Lakini ukivisoma ukiwa na swali moja tu mkononi, utaona vyote viwili vimeliruka. Ndege yule alikufa kwa nini? Barney alikufa kwa nini? Hatuambiwi. Hata kipindi cha Sesame Street cha Novemba 1983, kilichotungwa baada ya kifo cha mwigizaji Will Lee aliyekuwa mwenye duka Bwana Hooper, kilifanya hivyo kwa makusudi. Watungaji waliwauliza wataalamu wa watoto, wakaamua kutotaja ugonjwa wala hospitali, wasije watoto wakaogopa kila homa. Ndege mkubwa wa manjano anapouliza kwa nini lazima iwe hivi, wakubwa hawana jibu la kumpa ila kwamba ndivyo ilivyo.

Kwa mtoto wa mjini ambaye hajawahi kuona kitu kikifa, jambo gumu la kumweleza ni kutorudi, kwa hiyo waandishi hao walitia nguvu zao hapo. Kwa Kasikeu mizani inageuka. Mwaka 2015 Georgia Panagiotaki na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 188 wa miaka minne hadi saba, baadhi wakiishi London na wengine vijijini Pakistani. Watoto wa vijijini walikuwa wameelewa mapema kuliko wa London kwamba kifo hakirudishwi nyuma. Katika makundi yote, lililokuwa gumu zaidi ni sababu: ni nini hasa kinachofanya kitu hai kife. Watoto wa London na wa Pakistani walikwama mahali pamoja. Sijui utafiti wowote uliofanywa Ukambani kwa swali hilo, lakini yeyote aliyekaa na watoto wa kijijini atautambua mwelekeo huo mara moja. Hawaulizi kama atarudi. Wanauliza nani kamfanya nini.

Hapo ndipo kukaa kimya kunapokuwa hatari, kwa sababu pengo hilo halibaki wazi. Matanga hufanyika uani, chini ya hema, na watoto wanapita katikati ya viti wakibeba vikombe vya chai. Wanasikia. Wanasikia kwamba kifo hiki si cha bure, kwamba kuna mkono wa mtu, na neno kamuti, yaani uchawi, linatajwa kwa sauti ya chini ambayo mtoto huisikia kuliko sauti ya kipaza sauti. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, aliandika katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba kifo kwa kawaida hutafutiwa mwenye kukisababisha, hata pale sababu ya kimwili inapoonekana. Hata ngano ya zamani ya Wakamba kuhusu asili ya kifo, ambayo Msweden Gerhard Lindblom aliiandika mwanzoni mwa karne ya 20, ni ngano ya kutafuta mkosaji: kinyonga alitumwa na Mungu awaambie watu kwamba watakufa na kufufuka, akachelewa na kusitasita maneno, ndege mwepesi akamtangulia na habari kwamba watakufa basi. Kinyonga amelipia ucheleweshaji huo kwa mawe ya watoto hadi leo.

Kwa hiyo hadithi ya sungura wa Kasikeu isiyosema sababu itajaziwa sababu na wasikilizaji wake kabla ya kengele ya mapumziko. Na mtoto wa miaka sita, akikosa mchawi wa kumlaumu, ana mtu mwingine wa karibu zaidi: yeye mwenyewe.

Ilinibidi basi nijue sungura wangu amekufa kwa nini, kabla sijajua anaitwa nani. Sungura hufa kwa mambo mengi. Anaharisha akibadilishiwa chakula ghafla, kama vile mvua zinapoanza na kila mtoto akaja na kumbatio la majani mabichi baada ya miezi ya nyasi kavu. Tumbo lake linategemea vijidudu vinavyozoea chakula polepole. Mbwa huvunja wavu. Nguchiro huingia. Lakini kifo cha kawaida, na chenye kueleweka na mtoto, ni joto. Sungura hatoki jasho. Joto hulitoa kupitia masikio na kwa kuhema haraka, na hali ya hewa ikipita nyuzi 30 anaanza kuhangaika. Ikikaribia 35, bila kivuli wala maji, anaweza kufa siku hiyohiyo. Anayemwangalia ataona dalili: anajinyoosha chini badala ya kujikunja, masikio yanawaka moto ukiyashika, pua inalowa, mdomo unaachama. Maji yakikosekana haachi kunywa tu, anaacha na kula, na tumbo lililosimama kwa sungura ni hatari hata joto likipungua. Sungura mkubwa kwenye joto huweza kumaliza nusu lita ya maji kwa siku. Hiyo ni zaidi ya kopo la maharagwe ambalo shule nyingi zingemwekea.

Nikaiweka hadithi mwezi wa Februari, kabla ya mvua ndefu. Banda lina bati juu na linatazama magharibi, kwa sababu ndipo palipokuwa na ukuta wa kuliegemeza. Ijumaa jioni shule inafungwa. Jumamosi na Jumapili bati linachemka, na kopo linakauka.

Sungura anaitwa Pamba. Mtoto ni Mwende, na Ijumaa ilikuwa zamu yake ya maji. Hapa mwandishi ana uamuzi mkubwa wa kufanya, nami nilizunguka nao kwa muda. Mwende alitia maji au alisahau? Akisahau, hadithi inakuwa onyo, na mwalimu mchovu ataitumia kama onyo: mmeona, msipofanya zamu zenu. Akitia, kila kitu ni sawa na hakuna la kuzungumza. Nikaona hatia ya umri ule haikai mahali ilipostahili kukaa hata kidogo. Mwende alitia maji, kopo likajaa. Kinachomsumbua ni cha Alhamisi. Pamba alimparura mkono alipombeba, naye akamwambia: "Ufe!" Hakuna aliyesikia. Na sasa Pamba amekufa.

Ukurasa wa kugundua nimeuandika hivi, kwa sentensi ambazo mtoto wa Gredi ya Kwanza anaweza kuzifuata: "Jumatatu Mwende alifika wa kwanza. Pamba alikuwa amejinyoosha. Macho yake yalikuwa wazi. Mwende aligonga wavu. Masikio ya Pamba hayakusogea." Sikusema amelala. Mtoto anayeambiwa mfu amelala huanza kukwepa kitanda, na mama yake hatajua kwa nini. Mwalimu anafika, anamgusa sungura, anawaita watoto, anasema: "Pamba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui. Hasikii njaa. Hasikii joto tena." Sentensi hiyo ya mwisho naipenda, kwa sababu watoto watakuwa wakijiuliza kama anaumia, na kama atasikia kiu huko chini.

Watoto wanauliza maswali mawili ambayo wahariri hupenda kuyafuta. Mmoja anauliza: "Tutamla?" Jibu ni fupi: hapana, aliyekufa mwenyewe haliwi, na watoto wa hapa wanaijua kanuni hiyo tangu nyumbani. Swali hilo si la ukatili. Ni mtoto anayejaribu kumpanga Pamba katika kundi analolijua la wanyama, na anastahili kujibiwa bila kukaripiwa. Swali la pili linakuja baada ya maziko, kutoka kwa Mutua, ambaye anataka wamfukue kesho aone. Watoto wa umri huo hufukua kweli. Ndiyo maana katika hadithi shimo linafika magotini kwa mwalimu, na mawe yanapangwa juu yake, na mwalimu anaeleza kwamba mawe ni kwa ajili ya mbwa. Kisha anamwambia Mutua angeona nini: manyoya, mifupa, udongo, na wadudu wanaofanya kazi yao. Mutua anasema basi. Mchoraji, nikimpata, nitamwomba achore shimo kama shimo, bila maua, kwa kuwa Februari Kasikeu hakuna maua.

Sasa Mwende. Haendi kwenye kaburi. Mwalimu anamtuma alete kopo la maji, hataki kulishika. Anasema tumbo linamuuma. Haya si mapambo ya hadithi. Ndizo njia ambazo mtoto huzungumza kabla hajazungumza: tumbo, kukataa kitu kimoja mahususi, kung'ang'ania mlango. Mwalimu hamhoji mbele ya wenzake. Anamkalisha kwenye ngazi ya darasa, anakaa naye, na baada ya kitambo Mwende anasema alichosema Alhamisi. Anasema kwa Kikamba. Mtaala unaelekeza kwamba watoto wa ngazi hiyo wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na hata usingeelekeza, hakuna mtoto wa Kasikeu anayekiri jambo zito kwa Kiswahili cha kitabu. Kwa hiyo maelezo kwa mwalimu, chini ya ukurasa huo, yanamwambia asome kwa Kiswahili na aache majibu yaje kwa lugha yatakayojia.

Jibu la mwalimu lilinichukua muda kuliko ukurasa wowote. Rasimu ya awali ilisema: "Neno haliwezi kuua. Joto linaweza." Ni safi, lakini haitapita Kasikeu. Laana ya mzazi ni jambo zito huku, na mwalimu mwenyewe huenda anaiogopa. Kitabu cha watoto kikijaribu kuumaliza mjadala huo kwa mstari mmoja, susu, nyanya yake Mwende, atakaposomewa jioni atakicheka na kukiweka kando, na Mwende atabaki na susu. Nikapunguza dai mpaka likawa la kweli kwa kila mtu aliye chumbani: "Neno la mtoto haliwezi kumuua sungura. Pamba aliuawa na joto." Mtoto na sungura. Sijagusa zaidi ya hapo, na sidhani hadithi inahitaji kugusa.

Kisha linakuja fungu ambalo najua litaleta ubishi. Mwalimu anawaita watoto wote kwenye banda, wanaligusa bati saa saba mchana, wanaondoa mikono haraka. Anasema: "Sisi wakubwa tuliliweka banda mahali pabaya. Tulilifunika kwa bati, na bati lilichemka. Hakuna mkubwa aliyekuja Jumapili kuongeza maji. Hiyo ilikuwa kazi yetu." Nimeshaonyesha rasimu kwa walimu, na baadhi yao walinuna. Mwalimu hakiri kosa mbele ya Gredi ya Kwanza, walisema, heshima itaishia wapi. Naelewa. Lakini ukiondoa maneno hayo, sababu ya kifo inarudi kuwa hewani, na iliyo hewani itamwangukia mdogo aliye karibu. Zamu ya maji ni njia nzuri ya kumfundisha mtoto kutunza. Haiwezi kuwa njia ya kumkabidhi uhai wote wa kiumbe kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu. Hata Mwende angekuwa amesahau kweli, jibu lingekuwa lilelile, na ukweli wake uongezwe wazi: ulisahau, na mkubwa alipaswa kuangalia baada yako.

Kuna jambo moja ambalo hadithi haiwezi kulifanya, na afadhali mwalimu alijue kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Utakaposoma kuhusu Pamba, mkono utainuka na mtoto atasema: "Baba yangu pia." Pengine ni ajali ya barabara ya Mombasa, iliyo karibu mno na huku. Mtoto huyo hazungumzii sungura tena. Kosa la haraka ni kumwambia ndiyo, ni kama Pamba. Si kama Pamba. Baba hakuwekwa bandani, na mtoto atasikia kwamba huzuni yake imepimwa kwa uzito wa sungura. Kosa jingine ni kuugeuza ukurasa. Niliandika pembeni mwa kitabu neno moja la kumwambia: "Niambie." Kisha hadithi isimame hapo hata kama imebaki nusu. Itasomwa kesho. Akirudia kesho kusema vilevile, kwa maneno yaleyale, ajibiwe kwa maneno yaleyale; mtoto anarudia ili kuhakikisha kwamba jibu halibadiliki.

Baada ya kusomewa, watoto watacheza mazishi. Watazika mabunzi ya mahindi, mmoja atakuwa mhubiri, mwingine atagawa chai isiyokuwepo, na kuna atakayelia kwa sauti ya mama fulani wa mtaani kiasi cha kuwachekesha wakubwa. Wasizuiwe. Wasiwasi uwe kwa yule ambaye wiki zinapita na bado tumbo linamuuma kila zamu ya maji inapofika.

Mhariri mmoja ameniomba ukurasa wa mwisho wenye sungura mpya, mweupe kama Pamba. Nimekataa, na sababu yangu ni ya kiutendaji: banda bado liko chini ya bati. Katika hadithi, kurasa za mwisho ni za ujenzi. Watoto na wazazi wawili wanalisogeza banda chini ya mgunga, wanaliezeka kwa nyasi, wanaligeuza lisitazame magharibi, na mlinzi wa shule anapewa jina lake kwenye ratiba ya Jumamosi na Jumapili. Baada ya hapo ni mabishano. Mutua anataka kuku. Wawili wanataka sungura. Mwende anasema hataki kitu chochote humo kwanza, na mwalimu anaandika maoni yote matatu ubaoni.